Umeongeza 15%, lakini hukupata 15%

Chupa ya mafuta ya kupikia ya lita 1 imenunuliwa kwa shilingi 270. Mwenye duka anataka faida ya 15%, kwa hiyo anachukua kikokotoo, anazidisha 270 kwa 1.15, anapata 310.50, na anaandika 310 kwenye karatasi ya bei. Mwisho wa mwezi anahesabu pesa za mafuta na kuona kuwa katika kila shilingi 100 iliyoingia, iliyobaki baada ya kurudisha pesa ya mali ni kama shilingi 13. Hakuibiwa, wala kijana wa dukani hakukosea chenji. Zile 15 zilihesabiwa juu ya bei ya kununulia, na hizi 13 zimehesabiwa ndani ya bei ya kuuzia. Faida ni ile ile ya shilingi 40, ila imegawanywa kwa namba mbili tofauti.

Katika makala hii, faida ikigawanywa kwa bei ya kununulia nitaiita nyongeza. Ikigawanywa kwa bei ya kuuzia nitaiita kiwango cha faida. Kwa mafuta yale, nyongeza ni 40 kwa 270, yaani 14.8%, na kiwango ni 40 kwa 310, yaani 12.9%. Kwa kuwa bei ya kuuzia ni kubwa kuliko ya kununulia, kiwango huwa chini ya nyongeza siku zote, na kadiri nyongeza inavyopanda ndivyo tofauti inavyotanuka. Nyongeza ya 10% ni kiwango cha 9.1%. Nyongeza ya 100%, yaani kuuza kwa bei mara mbili, ni kiwango cha 50%. Nyongeza inaweza kufika 200% au 300%, lakini kiwango hakifiki 100% hata siku moja, kwa sababu faida haiwezi kuwa sawa na bei yote iwapo mali imenunuliwa kwa pesa.

Wanaopenda kuhesabu kwa kichwa wana njia nyepesi ya mafungu. Ukiongeza nusu juu ya bei ya kununulia, faida yako ni thuluthi ya bei ya kuuzia. Ukiongeza thuluthi, unapata robo. Ukiongeza robo, unapata humusi, na ukiongeza humusi, unapata sudusi. Namba ya chini inasogea hatua moja tu. Kwa hiyo muuza duka anayesema "mimi naweka 20 kwa kila kitu" anapata 16.7% ya mauzo yake, na anayesema "naweka 25" anapata 20%.

Kwa nini lengo lipimwe kwa kiwango

Mtu anaweza kuuliza: kama faida ni shilingi zile zile, kwa nini tusibaki na nyongeza tu? Jibu liko kwenye matumizi ya duka. Tuchukue duka la rejareja la mfano huko Kisauni, Mombasa, linalouza mali ya shilingi 600,000 kwa mwezi. Kodi ya chumba, mshahara wa kijana, umeme wa friji, mlinzi, vibali vya kaunti na posho ya mwenye duka mwenyewe vinafika shilingi 72,000. Matumizi haya yanalipwa kutoka kwenye pesa za droo, na pesa za droo ni mauzo. Gawanya 72,000 kwa 600,000, utapata 12%. Mwenye duka anataka pia 3% ya kuongezea mali, kwa hiyo lengo lake ni 15% ya mauzo, yaani shilingi 90,000.

Sasa akilichukua lengo hilo na kuliweka kama nyongeza, kila bidhaa ikiongezwa 15% tu, duka litapata 13.04% ya mauzo, yaani kama shilingi 78,260. Pengo ni zaidi ya shilingi 11,700 kila mwezi. Matumizi yatalipika, lakini ile pesa ya kuongeza mali itakuwa imeliwa karibu thuluthi mbili, na mwenye duka ataona rafu hazijai bila kujua sababu. Ili kupata 15% ndani ya bei, alihitaji kuongeza 17.65% juu ya gharama. Njia rahisi ya kufika hapo ni kugawanya badala ya kuzidisha: chukua bei ya kununulia, igawanye kwa 0.85. Mafuta ya 270 yanatoka 317.65, siyo 310.50.

Kugeuza orodha nzima

Orodha nyingi za bei zina safu ya nyongeza, kwa sababu ndivyo bei zilivyopangwa tangu mwanzo. Ukiwa na orodha hiyo kwenye Excel au Google Sheets, na nyongeza iko safu ya C, kiwango kinapatikana hivi:

```
=C2/(1+C2)
```

Buruta fomula hadi mwisho wa orodha na kazi imekwisha, mradi nyongeza imeandikwa kama 20% au 0.2. Ikiwa imeandikwa 20 kavu bila alama ya asilimia, kompyuta itasoma kuwa umeongeza mara 20, na kiwango kitatoka 95.2%. Ukiona bidhaa zote zimeruka hadi 90 na kitu, hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Hata hivyo, mimi sipendekezi kukagua lengo kwa safu ya nyongeza. Ile namba mara nyingi imekatwa desimali, na bei halisi imesogezwa ili chenji ipatikane. Mtu aliyetaka 17.65% akaandika 17.6% ataona bidhaa yake imeangukia 14.97%, ionekane chini ya lengo kwa kosa la karatasi tu. Vibaya zaidi, nyongeza inaweza kubaki vile vile kwenye karatasi miezi mitatu huku bei ya kununulia imepanda. Kilicho salama ni kurudi kwenye shilingi zenyewe: bei ya kununulia ya leo na bei ambayo mteja analipa leo. Tukiweka bei ya kununulia kwenye B, ya kuuzia kwenye C na lengo kwenye K1, kiwango kinakaa D na hukumu inakaa H:

```
=(C2-B2)/C2
=IF(D2<$K$1,"CHINI","SAWA")
```

Onyesha kiwango kwa desimali moja angalau. Ukikata desimali zote, 14.6% itaonekana 15% huku pembeni kumeandikwa CHINI, nawe utadhani fomula imeharibika.

Gharama ya kweli iko wapi

Fomula ni kazi ya dakika chache. Kazi yenye uzito ni safu ya B, na sukari ndiyo inayoonyesha hilo vizuri kuliko bidhaa nyingine yoyote.

Gunia la kilo 50 limenunuliwa sokoni Kongowea kwa shilingi 6,500. Kwa karatasi, kilo ni shilingi 130. Duka linauza kilo kwa 155, nyongeza ni 19.2% na kiwango ni 16.1%, kwa hiyo sukari imepita lengo. Lakini gunia halikutembea lenyewe. Mkokoteni umechukua shilingi 100. Kisha sukari inapimwa na kufungwa kilo kilo, nusu nusu na robo robo, na kila kipimo kinamwaga punje kidogo au kinazidi kidogo kwa sababu mizani imesogea na mteja anaangalia. Tuseme kati ya kilo 50 zinauzwa 49. Shilingi 6,600 kugawanya kwa 49 ni karibu 134.70. Ongeza mfuko wa karatasi wa shilingi 2, unafika 136.70, tuandike 137. Faida ya kilo sasa ni shilingi 18, siyo 25. Kiwango ni 11.6%. Bidhaa iliyokuwa SAWA imekuwa CHINI bila bei yoyote kubadilika.

Kilo moja iliyopotea inaweza kuonekana makisio, na kweli inatofautiana duka kwa duka. Namna ya kuipata ni kuandika mauzo ya gunia moja tangu linapofunguliwa hadi linapoisha, halafu kugawanya jumla ya pesa kwa bei ya kilo. Ikiwa pesa zimetosha kilo 48.5, hiyo ndiyo namba ya kutumia. Tahadhari ni robo: bei ya kilo 155 ikigawanywa kwa nne ni 38.75, na hakuna anayelipa senti hizo, kwa hiyo robo huuzwa 40. Kilo iliyouzwa robo robo imeleta 160. Kama wateja wako wengi ni wa robo, bei yako halisi ya sukari ni ya juu kuliko iliyoandikwa ukutani, na ni haki uihesabu hivyo.

Kosa la pili la safu ya B ni kuchanganya vipimo. Ankara inasema katoni, rafu inasema kipande. Bei ya katoni ikiingia B na ya kipande ikabaki C, kiwango kitatoka hasi kubwa, na hilo ni rahisi kuliona. Hatari ni katoni iliyobadilishwa idadi na kiwanda, ikawa na vipande vichache kuliko zamani, huku wewe ukiendelea kugawanya kwa idadi ya zamani. Hapo kiwango kinaonekana kizuri kabisa. Hesabu vipande vya katoni mpya kabla ya kugawanya.

Usafiri nao uwekwe mahali pamoja. Ukishauingiza kwenye bei ya kununulia, uondoe kwenye yale matumizi ya mwezi yaliyotengeneza lengo la 15%, la sivyo utaulipa mara mbili kwa karatasi na kuziona bidhaa nzuri kuwa mbaya. Kwa duka la Likoni linalochukua mali kisiwani na kuivusha kwa feri, jambo hili si dogo.

Halafu kuna VAT, ambayo kwa Kenya ni 16%. Duka ambalo halijasajiliwa kwa VAT halina la kufikiri hapa: kodi iliyo ndani ya ankara ni sehemu ya gharama, na bei yote anayolipa mteja ni mauzo. Duka lililosajiliwa litoe VAT pande zote mbili. Chukua mche wa sabuni ulionunuliwa 150 na kuuzwa 180, zote zikiwa na VAT ndani. Ukigawanya kila moja kwa 1.16 unapata 129.31 na 155.17, na kiwango kinabaki 16.7% vile vile. Asilimia haibadiliki, ila faida ya kweli imeshuka kutoka shilingi 30 hadi karibu 26, kwa kuwa tofauti inakwenda KRA. Balaa ni kuchanganya. Gharama bila VAT dhidi ya bei yenye VAT inatoa kiwango cha 28.2%, faida ambayo haipo. Ukigeuza, gharama yenye VAT dhidi ya bei isiyo nayo, unapata 3.3% na unaogopa bure. Dalili ya mchanganyiko ni kwamba sabuni, mafuta na vitu vingine vinavyotozwa kodi vyote vimesogea upande mmoja, huku unga wa mahindi na mkate wa kawaida, ambavyo mteja hatozwi VAT, vimetulia mahali pake.

Bidhaa sita, na wastani unaodanganya

Turudi Kisauni. Duka letu la mfano halijasajiliwa kwa VAT. Tukitoa bidhaa sita kwenye orodha yake, gharama zikiwa zimeshasahihishwa, picha inakuwa hivi (bei ni za mfano, weka zako):

| Bidhaa | Kununulia | Kuuzia | Kiwango | Idadi kwa mwezi |
|---|---|---|---|---|
| Unga wa mahindi, kilo 2 | 150 | 160 | 6.3% | 400 |
| Sukari, kilo 1 | 137 | 155 | 11.6% | 300 |
| Mafuta, lita 1 | 270 | 310 | 12.9% | 150 |
| Sabuni, mche | 150 | 180 | 16.7% | 120 |
| Majani ya chai, pakiti ndogo | 40 | 50 | 20.0% | 200 |
| Maji, nusu lita | 18 | 30 | 40.0% | 300 |

Bidhaa tatu ziko chini, tatu ziko juu. Mtu akijumlisha viwango sita na kugawanya kwa sita atapata 17.9%, atafurahi, atafunga kompyuta. Wastani huo umeipa chupa ya maji ya shilingi 30 uzito sawa na pakiti ya unga ya 160 inayotoka mara 400. Kiwango cha kweli ni jumla ya faida kugawanya kwa jumla ya mauzo. Idadi ikiwa E, mauzo F, faida G:

```
F2:  =C2*E2
G2:  =(C2-B2)*E2
     =SUM(G2:G7)/SUM(F2:F7)
```

Mauzo ya bidhaa hizi ni shilingi 197,600 na faida ni 24,600. Kiwango ni 12.4%. Lengo la 15% lilitaka 29,640, kwa hiyo pengo ni shilingi 5,040 kwa mwezi, kwenye bidhaa ambazo wastani ulisema zimepita.

Neno CHINI halikuambii uanzie wapi. Ongeza safu moja ya shilingi zinazokosekana kwa kila bidhaa, kisha panga orodha kwa safu hiyo:

```
=$K$1*F2-G2
```

Unga unakosa shilingi 5,600. Sukari inakosa 1,575. Mafuta yanakosa 975. Upande wa pili, maji yamezidisha 2,250, chai 500 na sabuni 360. Sasa kuna la kuzungumza.

Mafuta ndiyo rahisi zaidi, ingawa pengo lake ni dogo, kwa sababu bei ya 310 ilitokana na hesabu potofu ya mwanzo. Bei inayofikia lengo ni 270 kugawanya kwa 0.85, ambayo ni 317.65. Andika 320 na kiwango kinafika 15.6%. Swali la kujiuliza kabla ya kupandisha ni wateja wangapi unaweza kupoteza bila hasara. Zamani chupa 150 zilileta faida ya shilingi 40 kila moja, jumla 6,000. Kwa faida ya shilingi 50, chupa 120 zinatosha kuleta 6,000 ile ile. Una nafasi ya chupa 30. Kama jirani anauza 315, sidhani kama utapoteza hizo zote.

Sukari inahitaji 161.20. Hakuna anayeuza kwa bei hiyo, ila 160 inaendana na robo ya 40 ambayo wateja wameshaizoea. Kiwango kinakuwa 14.4%, bado CHINI kwa fomula, na mimi ningeiacha hapo. Nusu asilimia inaweza kutafutwa kwenye mizani badala ya mfuko wa mteja: gunia likitoa kilo 49.5 badala ya 49, gharama ya kilo inashuka kwa zaidi ya shilingi moja. Mauzo ya sukari yanaweza kushuka hadi kilo 235 kabla faida haijawa ndogo kuliko ya sasa.

Unga ndio wenye pengo kubwa kuliko vyote, na ndio ambao haufai kuguswa. Kufikia lengo ungeuzwa 176 na kitu. Mama anayenunua unga anajua bei ya kila duka la mtaa, na akienda kwa jirani kwa ajili ya unga atanunua huko huko mafuta, sabuni na chai. Kiwango cha 6.3% kwa unga ni gharama ya kumleta mteja mlangoni, mradi umethibitisha kuwa kweli anaondoka na kitu kingine. Angalia mauzo ya siku moja kwa jicho hilo: wangapi walichukua unga peke yake? Wakiwa wengi, ule uvumilivu hauna msingi, na afadhali kupunguza akiba ya unga kuliko kufunga 60,000 kwenye mali inayorudisha 4,000.

Bei mbili zikibadilika na idadi ikibaki, faida inafika 27,600 kwa mauzo ya 200,600, yaani 13.8%. Zinakosekana shilingi 2,490. Hizo zitafutwe kwenye sehemu nyingine ya orodha, kwenye vile vitu vidogo ambavyo mteja hakumbuki bei yake kwa duka la jirani: sindano, betri, mishumaa, viungo vya pakiti. Krediti ya simu na kamisheni ya M-Pesa ziweke kando kabisa, kwa kuwa bei yake hupangi wewe, na ukiziingiza kwenye jumla zitapotosha kiwango cha duka zima hadi usiweze kukisoma.

Ukaguzi huu unazeeka kwa ankara moja. Mafuta yakipanda kutoka 270 hadi 280 na wewe ukabaki 320, kiwango kinarudi 12.5%, chini hata ya pale ulipoanzia. Kwa hiyo safu ya B ibadilishwe siku mali inapoingia, kabla haijapangwa rafuni, na si mwisho wa mwezi. Andika tarehe kwenye safu ya pembeni. Bidhaa ambayo gharama yake ina tarehe ya zamani kuliko mzigo wako wa mwisho, hukumu yake ya SAWA isiaminiwe hadi irekebishwe.